Klampu yasema uniti 79, mita ya tokeni yasema 58.4: kosa liko wapi?

MamaShani_Tudor

Assalamu alaikum wanajukwaa. Nimetumia siku 10 kupima umeme wa nyumba yangu hapa Tudor, Mombasa, na hesabu imenikataa. Fundi alinifungulia sanduku la breka akaivisha klampu ya kupimia mkondo, SCT-013-000, kwenye waya wa laivu unaotoka kwenye mita kuingia kwenye swichi kuu. Klampu hiyo imeunganishwa na rezista ya omu 22, na bodi ya ESP32 inasoma kupitia pini ya GPIO34. Programu ni EmonLib. Nilibadilisha `ADC_BITS` kuwa 12 na kuweka namba ya urekebishaji 90.9, yaani 2000 kugawa kwa 22. Kila dakika bodi huandika wastani wa ampea, nami nazidisha kwa volti 240 ili nipate wati.

Nyumbani kuna friji, friza ndogo, mapangaboi matatu, televisheni, taa za LED, pasi, na pampu ya kupandishia maji kwenye tangi la juu. Kwa siku hizo 10 klampu imehesabu uniti 79.0, ilhali mita ya tokeni imepunguza 58.4 tu. Mara ya mwisho nilinunua tokeni ya shilingi 1,000 nikapata uniti 34.6, kwa hiyo kila uniti inanigharimu takriban shilingi 28.90 tozo zote zikiwa ndani. Nikifuata klampu, mwezi wa siku 30 utanigharimu shilingi 6,849. Nikifuata mita, shilingi 5,063. Tofauti ya karibu shilingi 1,800 haiwezi kuitwa hitilafu ndogo. Je, ni klampu inayokosea au ni mita?

Nahodha_wa_Likoni

Mama Shani, hongera kwa kazi, lakini jambo hili ni jepesi. Umeme ni ampea mara volti mara saa, hakuna zaidi. Zima breka zote, kisha utazame klampu inasoma nini. Ikisoma kitu chochote ilhali nyumba imezimwa, huo ni mkondo wa uongo, nawe uuondoe kwenye kila kipimo.

Kuhusu bei, nakuonya kwamba uniti 30 za mwanzo wa mwezi ni za bei nafuu, kisha bei hupanda ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo hesabu yako ya 28.90 kwa uniti zote si sahihi.

MamaShani_Tudor

Ahsante, Nahodha. Nimezima breka zote isipokuwa bodi yenyewe, ambayo naiendesha kwa betri ya kubebea. Klampu inasoma ampea 0.42 wakati hakuna chochote kinachopita. Ukizidisha kwa 240 unapata wati 101, na kwa siku 10 ni uniti 24.2. Nikiziondoa kwenye 79.0 zinabaki 54.8, na mita inasema 58.4. Bado kuna pengo, lakini sasa ni la asilimia 6 tu. Naona kama tumelipata kosa.

Nahodha_wa_Likoni

Nilikwambia. Asilimia 6 kwa kifaa cha bei hiyo ni ya kuvumilika. Uzi unaweza kufungwa.

FundiWaMikindani

Msiufunge kwanza. Nimefanya kazi ya stima kwa miaka mingi, na ninapoona hesabu mbaya imekaribia jibu zuri kwa hatua moja tu, huwa nashuku kwamba makosa mawili yamekutana njiani yakafichana.

Hiyo 0.42 ni kelele. Klampu ya ampea 100 yenye rezista ya omu 22 hutoa volti ndogo mno kwa mikondo ya nyumbani, na kwenye ESP32 hatua moja tu ya kusoma ni sawa na ampea 0.07 hivi. Kelele hiyo haina mpangilio mmoja na mkondo wa kweli, kwa hiyo haijumlishwi nao kama unavyojumlisha shilingi na shilingi. Programu inatafuta kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili, na humo ndani kinachojumlishwa ni vipeo, si ampea zenyewe. Mkondo wa kweli ukiwa ampea 1, klampu yenye kelele ya 0.42 haitasoma 1.42, itasoma takriban 1.08. Ukitoa 0.42 utabaki na 0.66, na hapo umeibia nyumba yako theluthi ya umeme wake.

Njia ya haki ni kuzidisha kipimo kwa chenyewe, utoe 0.42 iliyozidishwa kwa yenyewe, kisha utafute kipeuo:

```
double irms = emon1.calcIrms(1480);
double i2 = irms*irms - 0.42*0.42;
double amps = i2 > 0 ? sqrt(i2) : 0;
```

Mama Shani, kwa kuwa umehifadhi kipimo cha kila dakika, huhitaji kupima upya. Pitisha hesabu hii kwenye kumbukumbu zako. Tafadhali pia pima volti kwa multimita saa mbili usiku na tena usiku wa manane, kwa maana 240 ni namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na ukutani huenda kukawa na nyingine.

MwenyeNyumba_Mtopanga

Samahani kwa kuingilia kati. Mimi pia nina klampu kama hiyo, na tatizo langu ni kinyume cha la Mama Shani. Nina wapangaji watatu wanaotumia mita moja ya tokeni, na kila mwisho wa mwezi ni ugomvi. Nimeweka klampu kwenye kebo ya kila chumba, na ya chumba cha tatu inasoma 0.00 usiku na mchana ilhali nasikia redio na kuona taa. Nashuku mpangaji huyo amejiunganisha kwingine. Mnanishauri nimwendee vipi?

FundiWaMikindani

Mzee wangu, usimwendee kwanza. Nieleze: klampu hiyo umeizungushia waya mmoja au kebo nzima yenye laivu na nyutro pamoja?

MwenyeNyumba_Mtopanga

Kebo nzima, ile nyeupe bapa. Vyumba viwili vya kwanza nyaya zilikuwa zimeachana ndani ya boksi, basi klampu ikakaa kwenye mmoja.

FundiWaMikindani

Basi mpangaji wako hana hatia. Mkondo unaokwenda kwa laivu hurudi kwa nyutro, na klampu ikizizunguka zote mbili, sumaku ya moja huifuta ya mwenziwe. Itasoma sifuri hata akichemsha sufuria ya pilau kwa jiko la umeme. Mwite fundi azime swichi kuu na kuutenganisha waya wa laivu ndani ya boksi. Akiwa hapo aangalie pia nyuso za kiini pale klampu inapofungika. Kwa hewa yetu ya chumvi nyuso hizo hushika uchafu, na uchafu mwembamba kama karatasi unatosha kuufanya mkondo usomeke pungufu. Juu ya hayo, usimdai mtu fedha kwa kipimo cha klampu; weka mita ndogo kwa kila chumba. Sasa tumrudie mwenye uzi.

MamaShani_Tudor

Nimerudi na namba. Baada ya kutoa kelele kwa njia ya vipeo, jumla imeshuka kutoka 79.0 hadi 73.0, si 54.8. Nilipima volti mara kadhaa kwa siku mbili: jioni zilifika 228, usiku wa manane 241, na wastani wake ni kama 234. Nikitumia 234 badala ya 240, napata uniti 71.2. Bado niko juu ya mita kwa uniti karibu 13, na nakiri kwamba njia ya Nahodha ilinipa jibu la kupendeza zaidi.

Nahodha_wa_Likoni

Ndiyo maana nasema fundi anatuzungusha. Kama hesabu yake ni sahihi, mbona iko mbali na mita kuliko yangu?

FundiWaMikindani

Swali ni la haki, na jibu lake lisitoke kinywani mwangu, litoke kwenye mita. Mama Shani, mita yako iko mahali unapoweza kuiona taa yake nyekundu inayopepesa? Soma pembeni yake kumeandikwa namba gani mbele ya `imp/kWh`.

MamaShani_Tudor

Iko ukumbini, na imeandikwa `1000 imp/kWh`.

FundiWaMikindani

Vizuri. Maana yake kila mpepeso mmoja ni wati-saa moja. Sasa fanya majaribio mawili. La kwanza, zima kila kitu ubakishe pasi peke yake ikiwa inapata moto. Hesabu mipepeso 20 kwa saa ya simu, huku ukiandika ampea za klampu na volti za multimita wakati huohuo. Ianze ikiwa baridi, kwa sababu ikishafikia joto lake itajikata katikati ya hesabu. La pili, zima kila kitu ubakishe friji peke yake ikiwa inanguruma, uhesabu mipepeso 10. Hesabu ya kutumia ni 3600 kugawa kwa sekunde za mpepeso mmoja, na hapo unapata wati za kweli.

MamaShani_Tudor

Nimefanya, na nimeshangaa.

Pasi: mipepeso 20 kwa sekunde 62, yaani sekunde 3.1 kwa mpepeso, sawa na wati 1,161. Klampu ilisoma ampea 5.09, volti zikiwa 229. Kuzidisha moja kwa moja kunatoa 1,166. Karibu sawasawa kabisa.

Friji: mipepeso 10 kwa sekunde 320, sawa na wati 112. Klampu ilisoma 0.86, nami nikiondoa kelele kwa vipeo inabaki 0.75. Volti zilikuwa 231, kwa hiyo napata 173. Mita inasema 112, klampu inasema 173.

Nikitumia njia ya Nahodha kwa friji, 0.86 toa 0.42 ni 0.44, mara 231 ni 102, yaani karibu na mita. Lakini kwa pasi njia hiyohiyo inanipa 1,069 badala ya 1,161.

FundiWaMikindani

Hapo ndipo penyewe. Pasi ni waya unaopata moto tu, na mkondo wake unakwenda sambamba na volti, basi ampea mara volti ni wati kamili. Friji ina mota. Mkondo wa mota huchelewa nyuma ya volti, na sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi bila kufanya kazi yoyote ambayo mita inaitoza. Klampu haioni volti, kwa hiyo haiwezi kujua ampea ipi imefanya kazi na ipi imepita matembezi. Kwa friji yako, 112 kugawa kwa 173 ni karibu 0.65, na hiyo ndiyo pawa fakta yake. Taa za LED za bei rahisi na chaja nazo huharibu uwiano huo kwa njia yao nyingine, kwa kuvuta mkondo kwa mikupuo mifupi.

Kwa nyumba nzima, 58.4 kugawa kwa 71.2 ni 0.82. Kwa nyumba yenye friji, friza na mapangaboi namba hiyo haina ajabu. Njia ya Nahodha ilipunguza kwa sababu isiyo sahihi kiasi kinachokaribiana na kile ambacho pawa fakta ingekipunguza. Ukimpa jirani friza na wewe ukanunua birika la umeme, njia hiyo itakosea upande wa pili bila kukuarifu.

Nahodha_wa_Likoni

Nimeyaona majaribio ya pasi, na hapo sina la kubisha. Lakini la bei nalishikilia.

Karani_Kongowea

Hilo nalo lina marekebisho, kaka Nahodha. Bei za ngazi za namna hiyo zilikuwa za zamani. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, mteja wa nyumbani huwekwa kwenye kundi kufuatana na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu: hadi uniti 30, kati ya 30 na 100, au zaidi ya 100. Ukishawekwa kundini, uniti zako zote hutozwa bei ya kundi hilo. Wakati huo zilikuwa shilingi 12.22, 16.30 na 20.97 kwa uniti, kabla ya tozo ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya umeme vijijini, VAT na nyinginezo. Tozo ya mafuta na ile ya fedha za kigeni hubadilika mwezi hadi mwezi, ndiyo maana shilingi 1,000 haileti uniti zilezile kila mara.

Kwa hiyo njia ya Mama Shani, ya kugawa fedha alizolipa kwa uniti alizopata katika ujumbe wa tokeni, ndiyo ninayoipenda, mradi achukue ujumbe wa mwezi uleule anaoukadiria. Yeye yuko kwenye uniti 175 kwa mwezi, mbali na mpaka wa 100. Wa kuangalia sana ni yule anayetumia 95 au 105, maana kwake hitilafu ya klampu ya asilimia 10 inaweza kumfanya ajidhanie yuko kundi ambalo hayumo.

Mwanafunzi_wa_Stima

Nasoma uhandisi wa umeme, na naomba niwe wazi: kwa nini mnahangaika na klampu tupu? Chukueni PZEM-004T. Inapima volti na mkondo kwa pamoja, inatoa wati za kweli, pawa fakta na uniti, na inakuja na klampu yake. Hesabu zote hizi za vipeo na 0.82 zinaondoka.

FundiWaMikindani

Mwanangu, umesema kweli, nami ningeichagua kwa nyumba yangu. Lakini kifaa hicho lazima kiunganishwe laivu na nyutro moja kwa moja, na skrubu zake za volti 240 ziko wazi juu ya bodi. Klampu tupu haigusi shaba. Mama aliye na watoto, anayefungua boksi kusoma data, namtaka awe na kisanduku kilichofungwa na breka yake ndogo kabla sijamshauri PZEM.

Kwa kilichopo sasa, badilisha kitu kimoja tu, Mama Shani: toa rezista ya omu 22 uweke ya omu 68, na namba ya urekebishaji iwe 29.4. Nyumba yako haitavuta zaidi ya ampea 30, na hadi hapo utakuwa salama ndani ya uwezo wa pini. Ukivuka hapo mawimbi yatakatwa kichwa na kipimo kitakuwa cha chini, lakini kwa vifaa ulivyovitaja sioni utavukaje. Kelele inapaswa kushuka hadi karibu theluthi. Zingatia kuivua klampu kwenye waya kabla ya kuitoa rezista. Klampu ya aina hii isiachwe kwenye waya wenye mkondo bila rezista yake.

Mwanafunzi_wa_Stima

Nakubali kuhusu usalama. Ila sikubaliani na kutumia 0.82 moja kwa nyumba nzima. Mchana friji ikiwa peke yake uwiano ni 0.65, na pasi ikiwashwa unapanda karibu na 1. Kwa jumla ya mwezi itakubali, lakini grafu ya saa kwa saa itakuwa ya uongo.

FundiWaMikindani

Ni kweli. Ndiyo maana sikuiita pawa fakta ya nyumba, ni uwiano wa siku zile 10 tu. Kaskazi ikishika na mapangaboi yakizunguka usiku kucha, au kusi ikija na yakapumzika, aupime tena.

MamaShani_Tudor

Narudi baada ya siku 10 nyingine. Rezista ni ya omu 68, na breka zikiwa zimezimwa klampu sasa inasoma 0.13. Nimetumia volti 234 na uwiano 0.82. Pia nimeacha kuhesabu vipimo vichache vya kwanza baada ya bodi kuwashwa, kwa kuwa huwa vikubwa kupita kiasi kabla programu haijatulia.

Klampu: uniti 55.9. Mita: uniti 57.6. Kwa mwezi ni shilingi 4,847 dhidi ya 4,994 kwa bei ileile ya 28.90. Tofauti ya shilingi 147 naweza kuishi nayo.

Lakini kuna jambo limenisumbua. Nimelinganisha siku kwa siku, na karibu upungufu wote umetokea siku tatu. Hizo ni siku ambazo maji ya bomba yalifunguliwa na pampu ikafanya kazi saa nyingi kujaza tangi. Siku nyingine klampu na mita zinakwenda pamoja.

Mwanafunzi_wa_Stima

Huenda pampu yako ina pawa fakta iliyo juu ya 0.82, basi ukiikata kwa 0.82 unaipunja. Pampu nyingi za nyumbani zina kapasita ya kudumu, na ikiwa na mzigo kamili uwiano wake unaweza kufika 0.9 na zaidi.

Nahodha_wa_Likoni

Au volti ndizo zilizopanda siku hizo. Mimi siku ambazo majirani wengi hawapo, multimita yangu hugusa 245.

FundiWaMikindani

Yote mawili yanawezekana, na huwezi kuyatenganisha kwa kutazama jumla ya siku. Maji yakifunguliwa tena, ibakishe pampu peke yake, weka multimita kwenye soketi, uhesabu mipepeso 20 kama ulivyofanya kwa pasi. Tangi likiwa linakaribia kujaa usihesabu. Hesabu katikati, mota ikiwa imetulia.

MamaShani_Tudor

Kwa ratiba ya mtaa wetu, maji ni Alhamisi alfajiri, yakipenda. Nitaamka na saa ya simu.